Dada na Barua ya Juu ya Profoma

Dada alikuwa na ugonjwa mmoja tu ninaoujua mimi: hakuweza kumdai mtu hela bila kwanza kumuulizia hali ya watoto wake. Nasema Dada, lakini hatukuzaliwa tumbo moja. Alinizidi miaka kumi na mbili, akanizoea, nikamzoea, basi. Yeye alikuwa karani wa kikundi chetu cha washonaji kumi na wanne, mimi mtunza stoo. Meza yake ilikuwa dirishani, yangu mlangoni, na katikati yetu palikuwa na kompyuta moja, printa moja yenye kiburi, na katoni mpaka darini.

Kikundi kinashona vitambaa vya meza na leso za kulia chakula. Mnunuzi wetu mkubwa ni mama mmoja wa ng'ambo mwenye maduka matatu. Hajawahi kukanyaga kwetu. Alichotujulia ni sampuli nne tulizompelekea mwanzoni na barua za Dada, zenye jina lake la kwanza tu chini, ambazo zilikuwa zikienda kwake mwaka wa sita sasa.

Na Dada barua zilikuwa ndiyo mali yake. Zamani alikuwa mshonaji kama wenzake, macho yakaanza kukataa kutunga uzi kwenye sindano, akaona aibu kuomba watoto wamtungie. Akajifunza kupiga chapa kwa kuiba muda kwenye kompyuta ya jirani, kidole kimoja kimoja, mpaka akawa anaandika haraka kuliko sisi tunavyosema. Hakuwa na nyumba wala kiwanja. Akikuambia kitu kitakuwa kesho, kinakuwa kesho. Watu walimkopesha unga kwa neno lake tu, na yeye alilijua hilo, na alilitunza neno lake kuliko hata afya yake.

Msimamizi wa kikundi alikuwa Somo. Jina lake la kwanza na la Dada ni moja, ndiyo maana wakaitana somo tangu usichana wao, na sisi wengine, tusio na jina hilo wala undugu na yeyote kati yao, tukajikuta tunamwita msimamizi Somo kana kwamba tumebatizwa pamoja. Walikianzisha kikundi wao wawili na cherehani ya kuazima. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akifiwa, mwingine ndiye anayelia mpaka sauti inakauka. Mimi mwenyewe nilimpenda Somo, nalisema ili usije ukadhani niliyajua haya mapema. Sikujua kitu. Nilikuwa nahesabu katoni.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Mnunuzi akiagiza, Dada anaandaa profoma, yaani ile ankara inayotangulia, ya kumwonyesha mteja atapata nini, kwa bei gani, na atalipa vipi, kabla biashara yenyewe haijakamilika. Juu yake anaweka barua fupi ya kuielezea; sisi tunaiita barua ya juu. Anachapa vyote viwili, anampelekea Somo. Somo anatia sahihi na muhuri, anapiga picha, anatuma kwa simu yake, kwa sababu imeili ya kikundi ilikuwa kwenye simu yake. Kopi ya kilichotumwa hairudi kwa Dada. Hakuwahi kuiomba. Nilimuuliza siku moja, akanitazama kama nimetukana.

"Mdogo wangu, ukimwomba mwenzako kopi ya alichotuma, umemwambia humwamini. Kwangu mimi na somo yangu hatujafika huko."

Basi, mwaka huu mama wa ng'ambo akaagiza mzigo mkubwa kuliko yote: katoni sitini na mbili, dola elfu kumi na nane na mia nne. Asilimia arobaini anatanguliza ndipo tukate kitambaa. Asilimia sitini, ambayo ni salio, anaimaliza mzigo ukishafungashwa, kabla haujatoka stoo kwangu kwenda bandarini. Bei yetu inaishia mzigo unapopakiwa melini. Nauli ya meli na bima ni juu yake, na wakala wake mwenyewe alikuwa ameshashika nafasi kwenye meli. Mzigo ulitakiwa uwe bandarini tarehe kumi na sita. Tukiikosa meli hiyo, nyingine ni wiki tano mbele, na mama yule alishatuambia msimu wake wa mauzo hautasubiri: ukipita, anavunja oda.

Kitangulizi kiliingia, kitambaa kikakatwa, watu kumi na wanne wakashona mpaka vidole vikaota sugu mpya. Nikafungasha. Tukampelekea picha za katoni na orodha ya vilivyomo. Tukasubiri salio. Badala ya salio, tarehe tano, Somo akaingia ofisini na simu mkononi, akasoma kwa sauti alichoandikiwa: "Nimelipa kila mlichotaka nilipe kabla ya meli. Mbona mzigo wangu hauondoki?"

"Hajaelewa huyu," Somo akasema. "Anadhani kitangulizi ndio mwisho, kilichobaki atalipa mzigo ukifika. Somo yangu, barua yako ya juu ina adabu nyingi mno. Mtu anaimaliza hajui anadaiwa. Iandike upya, leo hii, iwe kama mlango: mtu aone pa kuingilia."

Nilicheka, maana lilikuwa kweli. Dada akaitoa barua ya zamani kwenye faili, akanisomea. Aya ya kwanza ilimtakia mama yule afya njema. Ya pili ilimshukuru kwa miaka sita. Ya tatu iliwasalimia wafanyakazi wa maduka yake, wote watatu wa dukani, na mlinzi. Hela ilikuwa imejibanza kwenye aya ya nne, katikati ya sentensi yenye mikato mitano, bila tarehe, bila kiasi, eti "salio kama tulivyokubaliana".

"Hapa kweli nimeharibu," Dada akasema, na uso ukamshuka. Alijilaumu siku nzima. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alijilaumu.

Akaanza upya. Salamu akaziacha mstari mmoja, na hata huo aliukata kwa shida. Akaweka kiasi juu kabisa, kwa tarakimu. Akaweka tarehe ya mwisho ya kulipa, na akaeleza kwa nini tarehe hiyo: benki inachukua siku mbili tatu kuzifikisha. Akaandika kwamba makato yote ya benki yawe juu ya mlipaji, ili kiasi kifike kizima, kwa sababu mwaka juzi zilimegwa dola arobaini njiani tukabaki tunatazamana. Akaandika nini hakimo kwenye bei. Kisha akanipa mimi.

"Wewe mambo ya ankara huyajui."

"Siyajui."

"Ndiyo maana nakupa. Usinisifu. Niambie tu: wewe ndiye mnunuzi, unalipa nini, lini, wapi, na usipolipa inakuwaje?"

Nikasoma. Nikamjibu nalipa elfu kumi na moja na arobaini, kabla ya tarehe kumi na mbili, nikaulizwa wapi, nikasema haijaandikwa. Akaisahihisha. Nikasoma ya pili. Hapo sikujua kama nauli ya meli nimeshailipa au bado. Akaisahihisha. Ya tatu nikaielewa yote, lakini kuna kitu kikanikera, na mimi kitu kikinikera siwezi kukimeza.

"Dada, mtu huyu anasema amelipa *kila mlichotaka*. Hakusema amelipa kitangulizi. Wewe unamsahihisha mtu bila kujua alichosoma. Kwa nini usimwambie akutumie hiyo hiyo aliyotumiwa, uone anachokiona yeye?"

Akageukia dirisha. Nilidhani amekasirika tena kwa habari ya kopi. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Hiyo si kumchunguza somo," akasema, zaidi kwa kujiambia mwenyewe. "Hiyo ni kumsaidia mteja."

Simu yangu ina imeili, ya kupokelea taarifa za malori. Tukamwandikia kwa simu yangu, Dada akajitambulisha kwa jina lake, akaomba picha ya kurasa zote alizopokea na za malipo aliyofanya. Tukaenda zetu nyumbani.

Asubuhi nilipofika majibu yalikuwa yameshaingia. Dada akavuta kiti, akavaa miwani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa barua yake, neno kwa neno. Wa pili ulikuwa profoma yake, mpaka kwenye jumla. Chini ya jumla palikuwa na mstari ambao Dada hakuuandika. Herufi zilifanana na zake, mpangilio ulifanana, lakini hakuuandika: *Ada ya maandalizi ya usafirishaji, ilipwe kabla ya meli, dola 1,380.* Na akaunti yake peke yake, tofauti na ya kikundi. Na muhuri wetu chini yake.

Mama wa ng'ambo alikuwa ameilipa. Alikuwa ameweka na risiti ya benki. Akaandika, na hili nitalisema kama alivyolisema: "Mwanzoni nilishangaa kuona akaunti ya mtu binafsi. Halafu nikaona ni jina lako, wewe unayeniandikia siku zote, nikalipa bila wasiwasi."

Dada alilisoma hilo mara moja tu. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaniuliza swali la ajabu.

"Jina la pili la somo yangu, kwenye benki, ni la babake au la mumewe?"

"La babake," nikasema. Lilikuwepo pale pale kwenye risiti, nyuma ya lile jina lao la kwanza.

Sasa tukaelewa kwa nini mama wa watu aliona amemaliza. Aliambiwa kuna ada ya kabla ya meli, akailipa. Aya ya nne ya salamu na mikato haikumwambia kama kuna kingine. Angejuaje? Na aliyeichomeka ada hiyo alijua vizuri kwamba barua ya Dada ni laini, hakuna kitu kitakachogongana nayo. Ulaini wa mtu ulitumiwa kama godoro la kuangukia mwizi. Nimesema mwizi, na sirudishi.

Nilitaka niende nikapige kelele chumba cha kushonea. Dada akanishika mkono. Akasubiri mpaka Somo alipoingia mwenyewe, saa tatu, akiulizia barua imefikia wapi.

"Iko tayari," Dada akasema, "ila nimekwama mahali. Hii ada niiwekee maelezo gani?" Akamgeuzia simu.

Somo aliitazama muda mrefu kupita muda wa kusoma. Kwanza akasema ni ada ya kawaida, makampuni yote yanatoza. Dada akamfungulia picha ya risiti ya benki. Kisha akasema alizikopa tu, alikuwa na shida, angezirudisha kabla meli haijang'oa nanga. Nilikuwa nimesimama mlangoni na rejista ya katoni kifuani, sina pa kwenda.

"Sikiliza, somo yangu," Somo akavuta kiti, akashusha sauti. "Tusiharibu kitu kikubwa kwa kitu kidogo. Andika tu kwamba ada hiyo ilikuwa halali, imepokelewa, na kwamba salio bado ni lile lile elfu kumi na moja na arobaini. Barua yako sasa iko wazi, atalipa. Kikundi kitapata chake chote, hata senti haitapungua. Nani kaumia hapo?"

"Aliyelipa."

"Yule? Ana maduka matatu!"

"Na mimi," Dada akasema. "Umelipisha kwa jina langu."

Somo akainua uso, na nadhani hata yeye hakujua atakachokisema mpaka kilipotoka.

"Jina hilo hata mimi ni langu."

Niliwahi kumwona Dada akizika mtoto. Siku ile alikuwa amesimama imara. Siku hii alitafuta meza kwa mkono, akaishika, akakaa. Hakulia. Alisema, taratibu kabisa, "Miaka yote hii sikukuomba hata kopi moja." Somo akasema, "Ndiyo, hukuniomba," kama mtu anayekubali kosa la mwenzake. Halafu akatoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, watu wanasema hivyo kila siku, na mimi nimesema mara mia bila kuhisi kitu. Siku hiyo nilihisi.

Mchana Dada akawasimulia washonaji, pale pale kati ya vyerehani. Unadhani walimpigia makofi? Wawili walimshukuru. Fundi wa pasi, mzee wetu, akasema neno la haki: kilicholipwa kwa muhuri wa kikundi kimelipwa kwa kikundi, kihesabiwe kwenye salio la mteja, na Somo akatwe mgao wake mpaka ziishe. Wakapiga kura, ikapita. Lakini nilisikia na minong'ono. Mmoja alisema mambo ya mashoga wawili yangemalizwa na wawili. Mwingine alisema sasa mgao utachelewa kwa sababu ya usafi wa mtu mmoja. Dada alisikia yote, maana masikio yake hayakuwa na shida, macho tu.

Akarudi mezani akaandika barua ya nne. Ninayo, nilijitengenezea kopi. Inasema hivi:

*Kabla mzigo wako haujatoka stoo yetu, umebakiza kulipa mara moja tu: dola 9,660, zifike kabla ya tarehe 12.*

*Oda yote ni dola 18,400. Kitangulizi chako cha dola 7,360 tulikipokea. Dola 1,380 ulizolipa kama ada hazikuwa ada yetu, na akaunti uliyolipia si ya kikundi. Kosa ni la upande wetu, kwa hiyo tumezihesabu kama sehemu ya salio lako.*

*Lipa kwenye akaunti ile ile uliyolipia kitangulizi, yenye jina la kikundi. Hatuna nyingine. Ukiandikiwa nyingine na yeyote, hata kwa jina langu, usilipe. Tupigie simu kwanza. Makato yote ya benki tafadhali yawe upande wako.*

*Nauli ya meli na bima hazimo. Hizo unamlipa wakala wako. Salio likionekana benki, siku ya pili ya kazi mzigo unakwenda bandarini. Ankara ya mwisho na hati za meli zitafuata. Salio lisipofika kwa tarehe hiyo, tutaikosa meli hii.*

Chini yake akaandika aya moja zaidi, na hiyo hakunipa niipime. Alieleza kwamba kwenye kikundi wako wanawake wawili wenye jina moja la kwanza, kwamba yeye ni yule wa barua, na kwamba hela haikuja kwake. Akaomba radhi. Mwishoni, baada ya kusita, akamsalimia mlinzi wa duka.

Safari hii tulituma kwa imeili mpya, yenye nywila ya vipande viwili, kimoja kwa Dada na kingine kwa fundi wa pasi. Tarehe kumi benki ikatuambia dola elfu tisa mia sita na sitini zimeingia, nzima, haijamegwa hata moja. Tarehe kumi na moja mchana nilipakia katoni sitini na mbili kwenye lori, nikazihesabu mara mbili, na washonaji wakatoka nje kulitazama likikata kona. Hata wale wa minong'ono walishangilia. Somo hakuja kazini siku ile.

Nikaingia ndani nimwambie Dada lori limeondoka. Alikuwa anasoma jibu la mama wa ng'ambo, lililokuja pamoja na hati ya malipo. Aliigeuza skrini nisome mwenyewe.

"Asante kwa barua hii," mama yule aliandika. "Ni ya kwanza kutoka kwenu ambayo nimeielewa yote bila kuuliza mtu. Na nakuamini kuhusu wale wawili. Lakini mimi niko mbali, ninachokiona ni jina tu, na siwezi kujua ni nani kati yenu anayeniandikia. Tafadhali, kuanzia sasa, barua zangu ziandikwe na mtu mwingine."

"Tumweleze tena," nikasema. "Tumpigie simu, asikie sauti yako."

"Amesema kweli," Dada akajibu. "Ningekuwa mimi ndiye yeye, ningefanya vivyo hivyo."

Akasimama, akanisogezea kiti chake. Akanionyesha faili la profoma liko wapi, la barua za juu liko wapi, na jinsi ya kuibembeleza printa inapokataa karatasi. Akaniambia nisianze na watoto wa mtu, nianze na kiasi.